Chatu Ambaye Hakuwa Chatu

Rafiki yangu wa tangu utotoni, niliyelelewa naye katika ploti moja ya nyumba za kupanga kule mtaani Huruma, aliniachia nyoka wake alipohama. Aliniapia kwamba ni chatu mchanga. "Mpe panya, na taa ya joto isizimwe," alisema. Nyoka alikataa kila panya, akazidi kukonda.

Mwishowe nikamtumia mtunza nyoka mmoja picha. Akaomba nyingine, ya kichwa kutoka ubavuni na ya magamba ya mgongoni, bila kumshika. Kisha akanipigia.

"Huyo si chatu. Magamba yake yana mistari iliyoinuka, na shingoni ana alama kama V. Ni nyoka anayekula mayai tu; panya hamwezi kabisa. Mtafutie yai bichi la kware. Na joto umezidisha. Pasha upande mmoja kwa kiasi, mwingine uwe baridi, achague mwenyewe."

Nyoka alimeza yai, akatema ganda lililobonyea. Nikampigia rafiki yangu kwa furaha.

"Najua anakula mayai," alisema. "Nilichoka kuyatafuta. Ningekuambia, ungemchukua?"

Ningemchukua. Lililoniuma ni kwamba hakuniuliza siku ile, kabla ya kunidanganya. Nilikata simu, na sijampigia tena.