Ukurasa Uliokatwa

Mindra alikuwa hodari wa kukata. Mpe ripoti ya mauzo ya robo mwaka, kurasa thelathini na nane za majedwali, naye atakurudishia slaidi nne: kila moja na kichwa kinachosema jambo lenyewe, mchoro mmoja, basi. Wakurugenzi wa kampuni ile ya kuuza sabuni, waliokuja Arua kutoka Kampala na macho yakiwa kwenye simu, walimpenda kwa hilo.

Safari hii alikata ukurasa mmoja usiopaswa kukatwa. Ulieleza kwa nini mauzo ya duka la Koboko yameshuka kwa theluthi: oda zilikuwepo tele, ila ghala la Arua halikuwa na sabuni ya kupeleka. Na makadirio ya sabuni ya kuagiza alikuwa ameyafanya yeye. "Wakubwa hawataki mambo madogo madogo," alijiambia. Mwongo mkubwa! Alijua kabisa anajificha nyuma ya ufupi.

Slaidi ya tatu ikaonyesha mstari wa Koboko ukiporomoka, bila sababu. Mkurugenzi aliitazama mara moja, akasema, "Tufunge duka hilo mwisho wa mwezi." Kisha akamsifu Mindra kwa kazi safi. Mindra akatabasamu, na tabasamu lile lilimchoma uso mpaka jioni.

Kesho yake yeye ndiye aliyetumwa Koboko kupeleka habari. Keji, mwanamke wa Sudan Kusini aliyesimamia duka lile, alimsikiliza hadi mwisho, akaona machozi yake, akamfungulia soda.

"Dada, usilie," alisema. "Mimi najua wewe ulisema maneno yetu yote kule. Sabuni haikuja, wateja walirudi mikono mitupu. Wakubwa tu hawakusikia. Asante kwa kutusemea."

Heri angemtukana. Mficha uchi hazai, na Mindra alijiona yu uchi mbele ya mwanamke anayemshukuru. Aliiweka soda chini bila kuionja, akampigia mkurugenzi simu papo hapo, sauti ikisikika duka zima.

"Mzee, kuna ukurasa niliuacha kwa makusudi. Koboko hawana kosa."

Mkurugenzi akajibu: "Niko njiani. Nitumie slaidi moja nisome garini. Moja tu. Nikiona inaeleweka, nitasimamisha."

Keji alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Mindra. Mindra akafungua kompyuta, akaweka mchoro wa nguzo mbili: ya oda zilizoletwa, ndefu; ya sabuni iliyopelekwa, fupi. Kilibaki kichwa. Aliandika, "Koboko haikukosa wateja, ilikosa sabuni." Ilitosha, na ilikuwa kweli. Alisikia pumzi ya Keji begani, akaona aibu kuliko siku zote, akaongeza: "Makadirio mabovu yalikuwa ya Mindra."