Miaka Ishirini Kwenye Bango la Mama Koili

Kwanza nikiri, maana nikimsema mtu bila kujisema mwenyewe nitakuwa mnafiki: bango lile la kwanza niliandika mimi. Kazi yangu ni kuchora mabango. Nimeandika "fundi mwaminifu" kwenye milango ya watu ambao hata baiskeli mbovu nisingewakabidhi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hao wanaojitembeza ndio wanaonilisha.

Mama Koili hakuwahi kuniita. Yeye husuka mota za umeme. Mota ikiungua, anatoa waya wa zamani, anapima, anasuka mpya. Kazi hiyo aliisomea katika kiwanda cha nguo, miaka kumi na mmoja, mwanamke peke yake katika chumba cha mafundi. Kiwanda kilipofungwa akahamia kibanda cha mabati nyuma ya soko, na hapo ametimiza miaka tisa. Ana daftari lenye jalada gumu, na kila mota iliyopita mikononi mwake imo: mizunguko mingapi, waya unene gani, koili, yale mafungu ya waya, ziliunganishwaje. Hana maneno mengi na hana subira. Ukimharakisha anakurudishia mota yako. Akisema Alhamisi, basi ni Alhamisi.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alifika pale miaka minne iliyopita hana mbele wala nyuma. Mama Koili akampa kazi ya kubeba mota, kupokea wateja na kupaka vanishi. Mdomo anao. Mkono wa kusuka hana, na hilo halikuwa kosa, kama angekaa na alichonacho.

Mwezi uliopita mama mkwe aliugua, na Mama Koili akaenda kumuuguza wiki tatu. Mama mkwe ndiye mama mzazi wa huyo huyo shemeji! Mwanamke wa watu yuko huko anamgeuza mgonjwa kitandani, anafua mashuka, na mtoto wa mgonjwa yuko huku ananiita nimchoree bango. Alinisomea maneno kutoka kwenye karatasi: FUNDI MKUU, UZOEFU MIAKA 20, TUNASUKA MOTA ZA AINA ZOTE, UAMINIFU NDIO SILAHA YETU. Chini yake, jina lake. Nilijua ile miaka ishirini ni ya nani. Mwenyewe hajafikisha hata miaka thelathini ya kuzaliwa! Nikachovya brashi, nikaandika, na herufi nikazitia kivuli chekundu zipendeze.

Mama Koili alirudi Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi nilikuta ameshaliteremsha bango na kuliegemeza ukutani.

"Hii kazi ya mikono yako?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa hunijui?"

Aliniambia nifute yote, nikaanza kukwangua. Shemeji alikuwa pembeni anajitetea. "Shemeji, nilikuwa nakutafutia wateja tu. Jina la mwanamke kwenye mota halivuti mtu. Dunia ndivyo ilivyo, si mimi niliyeiumba."

Kabla hajajibiwa, mkokoteni ukasimama mlangoni ukiwa na mota ya nguvu za farasi saba na nusu, na nyuma yake mwenye mashine ya kusaga, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, simu mkononi. Huyo hakusalimia mtu.

"Siku kumi na mbili!" alisema. "Siku kumi na mbili tu, imeungua. Watu wamejaa kwangu na ndoo za mahindi, wananitukana. Haya, nisomeeni hapa kwenye simu: uzoefu miaka ishirini, uaminifu ndio silaha yetu. Silaha kweli, mmeniua nayo!"

Akatugeuzia simu. Maneno ya bango langu yote yalikuwamo, na juu yake picha ya shemeji amevaa ovaroli ya Mama Koili, kashika kipimo cha umeme kama mtu aliyekizaa. Mama Koili alikuwa hajui habari za tangazo la simu. Niliuona uso wake ukibadilika, nikaacha kukwangua.

"Ni umeme huo," shemeji aliwahi kusema. "Kati ya zile nyaya tatu za umeme, fezi moja ilikatika. Mota ikikosa fezi, lazima iungue."

Mama Koili hakumtazama. Alifungua mota pale pale, mbele ya mwenye mashine, akamwita asogee.

"Baba, angalia. Fezi moja ikikatika, koili nyingine huungua na nyingine hubaki safi. Utaona kabisa, hapa nyeusi, hapa njema. Yako imeungua mzunguko mzima, sawasawa. Hii ilikuwa inazidiwa tangu siku ya kwanza."

Akakata kipande cha waya, akakichoma, akakikwangua mpaka shaba ikabaki tupu, akakipima unene. Halafu akafungua daftari, akatafuta mota nyingine yenye bati la namba zile zile, akaweka kidole.

"Inataka nyaya mbilimbili za unene wa pointi tisa ya milimita. Humu zimo mbilimbili za pointi saba. Karibu asilimia arobaini ya shaba haimo." Sasa ndipo akamgeukia shemeji. "Pointi tisa ilikuwa imeisha?"

"Iliisha, shemeji. Na mteja alikuwa na haraka. Na ile nyembamba inaingia kirahisi..."

"Ungesema imeisha! Neno moja tu! Mimi miaka yote hii nawaambia watu 'sina, subiri', na ndiyo sababu wanarudi. Wewe umechukua mdomo wako ukaujaza miaka yangu!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na alipaza mpaka wauza ndoo wakachungulia.

Mwenye mashine alikuwa ameshaelewa. "Basi mama, hii kazi si yako. Nitadaiana na huyu."

"Kazi si yangu," Mama Koili alisema, "lakini hiyo miaka uliyoisoma ni yangu, na ndiyo iliyokuleta. Nitaisuka upya bila malipo. Ijumaa saa nne uje uione ikipimwa."

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya bango, aibu imenishika shingo. Nikamwuliza sasa niandike nini, nikampa shauri la kuweka "mwaminifu" mahali fulani.

"Hilo hata mwizi ataliandika. Andika kitu ambacho mtu anaweza kunikamata nacho."

Akanisomea, nami nikaandika bila kivuli wala mapambo: MAMA KOILI. NASUKA MOTA NA PAMPU MWENYEWE, MIAKA 20. WAYA WA UNENE ULE ULE. UTAIONA IKIPIMWA KABLA HUJAICHUKUA. JENERETA SISHIKI.

Shemeji alilazimishwa kuandika maneno hayo hayo kwenye simu, neno kwa neno, na kufuta picha. Namba ilikuwa yake, kwa hiyo Mama Koili akaichukua simu yenyewe. Rangi ilikuwa haijakauka ilipoita, naye akaipokea kwa spika.

"Nasikia hapo mnasuka mota," sauti ya mwanamume ilisema. "Niitie fundi."

"Unaongea naye."

"Hapana, mama. Fundi mwenyewe."

Shemeji akanyoosha mkono apewe simu. Naapa nilitamani kumpaka rangi usoni. Mama Koili aliutazama ule mkono, kisha akaendelea kuongea, kwa hasira ya chini chini.

"Mota yako ni ya farasi ngapi? Kwenye bati imeandikwaje? Kabla haijazima, ilikuwa inanguruma bila kuzunguka, au ilizunguka huku inachemka? Ulinusa moshi kwanza au swichi ilikata kwanza?"

Tukasikia kule kwenye simu mtu anavuta mlango wa bati.

"Ngoja nikaangalie, fundi," akasema.