Masizi Yamehama

Sajini Mbithi, mtunza silaha wa kambi moja ya polisi karibu na mtaa wa Jamhuri, alikuwa amezichoka bunduki za zamani. Hizo hurudisha moshi wa baruti kwa bomba jembamba hadi ndani ya bolti, kile chuma kinachosukuma risasi mahali pake, nayo ikawa nyeusi tii na moto kama jiko. Kila baada ya zoezi alikwangua masizi hadi mgongo ukakataa kunyooka.

Zilipokuja bunduki mpya za pistoni, alishusha pumzi. Humo moshi huishia mbele, juu ya mtutu, ukisukuma pistoni, kijiti cha chuma kinachoigonga bolti kutoka mbele, na bolti hubaki safi, vuguvugu tu. Aliifuta kwa kitambaa, akaenda zake nyumbani mapema.

Miezi ikapita. Leo uwanjani bunduki mpya ya Konstebo Nzisa ilikwama, ganda la risasi likiwa limetoka nusu. Ile ya zamani pembeni yake, chafu lakini imelowa mafuta, iliendelea kufyatua.

"Afande, na si bolti inang'aa?" Nzisa alishangaa.

Mbithi aliifungua mbele, kukamchoma vidole, mahali ambapo hakuwahi kugusa. Pistoni ilikuwa imeganda kwa masizi magumu kama lami, ikabidi aigonge ndipo itoke. Kumbe uchafu na moto havikwenda popote. Vilihamia mbele tu.

"Sasa gani ndiyo poa kwa kazi ndefu?" Nzisa aliuliza.

Mbithi alizitazama bunduki mpya zilizobaki, safu nzima, akavuta kiti.

"Ile mtu amefungua, akasafisha hadi mbele."