Nakala za Tarehe Kumi na Moja Machi

Noelene Tuckwell hakuwa mtu wa kutupa vitu. Miaka ishirini na sita aliitunza maktaba ya halmashauri ya Mulga Wells, magharibi ya Queensland, na maktaba ilipofungwa wakampa kompyuta, kwa hoja kwamba aliyeweza vitabu hashindwi na mafaili. Hoja ya kipuuzi, lakini yeye hakushindwa. Alijifundisha mwenyewe, akiuliza na kukosea, mpaka kijijini pale mtu akisema "mtandao umegoma" anaitwa Noelene hata kama ni redio iliyoishiwa betri.

Kazi yake kubwa ilikuwa ukurasa wa barabara. Kila baada ya robo saa programu ilikwenda kwenye orodha ya jimbo, ikachukua hali ya kila barabara ya vumbi, ikaiweka kwenye tovuti ya halmashauri, na nakala moja ikaipeleka kwenye ghala la kukodi mtandaoni. Pia iliandika logi, mistari yake yenyewe ya kujieleza: nimekwenda, nimepata, nimeshindwa. Nakala tisini na sita kwa siku, miaka minne mfululizo. Bili ya ghala ikapanda hadi meneja, Kelvin Strang, akaileta mezani kwake ameishika kwa vidole viwili.

Noelene akaandika kanuni. Nakala zote za siku thelathini zibaki. Zilizozidi hapo, ibaki moja kwa siku, ile ya saa sita mchana. Zilizozidi mwaka, moja kwa mwezi. Logi zilizopita siku thelathini zifutwe. Kwanza aliiendesha kwa majaribio, bila kufuta kitu, akaisoma orodha ya vitakavyokufa mstari kwa mstari, kisha Kelvin akatia sahihi. Alhamisi moja ya mwisho wa Aprili, saa tisa na dakika tano alasiri, akabonyeza. Kilichofutwa hukaa siku saba kwenye pipa la ghala, halafu hupotea moja kwa moja. Bili ikashuka, Kelvin akanunua keki, na Noelene akajiona mjanja.

Alhamisi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Darcy Hoolihan akaingia na kofia mkononi. Nchi nzima ile ilimjua: dereva wa lori la mabehewa matatu, msafirishaji wa ng'ombe tangu ujana wake. Mwezi Machi lori lake lilizama kwenye tope la njia ya Bindara, mafuriko yakaja juu yake, na ng'ombe arobaini wakafia ndani ya mabehewa. Sasa alikuwa na kesi: kuendesha kwenye barabara iliyofungwa. Akitiwa hatiani, leseni inakwenda, na Darcy bila lori si Darcy.

"Noelene, mama, nilitazama ukurasa wenu kabla sijawasha gari," alisema. "Saa moja asubuhi, tarehe kumi na moja. Bindara ilikuwa wazi. Naapa."

"Picha ya simu unayo?"

"Simu iko tumboni mwa mto, pamoja na ng'ombe."

"Na wakili wako anasemaje?"

"Anasema ofisi yenu imeshapeleka nakala mahakamani. Inasema imefungwa. Kwa hiyo mimi ni mwongo, na mzee mzima!"

Noelene alijua mara moja nakala gani iliyopelekwa: ya saa sita mchana. Ndiyo pekee iliyobaki ya siku ile, na aliichagua yeye kwa sababu saa sita ni rahisi kukumbuka. Kilichobadilika kati ya alfajiri na adhuhuri alikuwa amekifuta kwa mkono wake. Kanuni yake ilihesabu siku, na mtu anasafiri kwa saa.

Alitazama ukutani. Saa nane na dakika ishirini; pipa lingejimwaga saa tisa na dakika tano.

"Kaa hapo, Darcy. Usiondoke."

Kwanza alisimamisha kazi ya kufuta, maana kanuni ilijiendesha kila siku, na kurudisha faili huku mfagio bado unazunguka ni kuteka maji kwa pakacha. Kisha akafungua pipa na kutafuta tarehe kumi na moja Machi. Ghala la bei nafuu halina haraka. Orodha ilijivuta ukurasa baada ya ukurasa, naye akijisemea maneno ambayo maktabani angemtolea mtu nje. Saa nane na dakika arobaini akazipata. Akarudisha zote za siku ile, akazinakili kwenye folda ya pembeni, na folda akaifunga isifutike.

Akafungua ya saa moja asubuhi. Bindara: wazi.

"Darcy!" alipiga kelele. "Hukusema uongo!"

Darcy akakaa chini, akajifunika uso kwa kofia.

Kelvin naye alikuwa amekuja, akasimama nyuma ya kiti. Noelene akaendelea kufungua, kwa mazoea tu, kama mtu anayehesabu kurasa za kitabu kilichorudishwa. Ya saa moja kasorobo: wazi. Ya saa kumi na mbili na nusu: wazi. Halafu akaona jambo. Ndani ya kila nakala jimbo huandika saa lilipoitoa orodha, na tangu saa kumi na mbili kasorobo alfajiri hadi saa tatu na nusu, muda huo wa jimbo haukusogea hata dakika moja. Zilikuwa nakala za kitu kimoja kilekile.

"Programu yetu ilikuwa haipati kitu," alisema polepole. "Ikawa inaonyesha ya zamani."

Kelvin alikuwa na karatasi za jimbo. "Wao walifunga Bindara kabla ya saa kumi na mbili," alisema. Akashusha sauti. "Nakala unayo. Jamaa amepona. Logi iache ilipo."

"Mwendesha mashtaka atauliza kwa nini nakala yetu inapingana na jimbo. Atasema tumeipika leo. Logi ndiyo itakayosema kwa nini."

"Noelene. Unajua logi inaandika nini kingine."

Alijua. Programu ikishindwa hutuma onyo kwenye simu ya mhusika, na mhusika akilipokea, jina lake huandikwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo aliishona mwenyewe.

"Zimebaki dakika nane pipa lijimwage," Kelvin alisema, kwa upole kabisa. "Hatufanyi kitu. Kanuni ilishatiwa sahihi."

Aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hakuna maktaba ya kurudia. Akairudisha logi, akaiweka kwenye folda iliyofungwa, akaichapisha.

Karatasi alimpelekea Darcy mwenyewe, akamwekea kidole penye mstari.

Darcy alisoma taratibu, midomo ikicheza. "'Onyo limetumwa saa kumi na mbili. Limepokelewa na N. Tuckwell saa kumi na mbili na dakika ishirini.'" Akainua macho. "Mimi niliondoka saa moja."

"Ndiyo."

"Ulijua ukurasa umekufa."

"Huwa unakufa na kufufuka wenyewe, Darcy. Mara nyingi tu. Nilibonyeza 'nimeona' ili simu inyamaze."

"Halafu?"

"Halafu nikaoga, nikaja kazini."

Darcy aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Mlangoni akasimama, akavaa kofia yake.

"Arobaini, Noelene," alisema. "Walilia mpaka saa nne."