Mstari Nilioukata Kwenye Barua ya Rachael

Rachael amekata minofu ya samaki aina ya mbuta miaka kumi na mmoja katika kiwanda chetu hapa Kisumu, na sikuwahi kumsikia akilalamika, hata vidole vikifa ganzi kwa barafu. Mwaka jana mumewe, mvuvi, alizama ziwani, Asembo Bay. Hakupatikana. Wakazika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, badala ya mwili, kama desturi ya Wajaluo inavyotaka, naye baada ya wiki mbili akarudi kwenye meza namba tatu.

Mimi ni Saumu, mwakilishi wa wafanyakazi. Nilichaguliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri na siogopi ofisi. Jambo la kwanza nalijutia.

Siku moja ya Machi Rachael aliniletea barua aliyoiandikia ofisi ya wafanyakazi, ikiwa imerudishwa. Ilimhusu Owiti, anayepima minofu kwenye mizani kando ya meza yake. “Owiti ni shetani. Hana utu. Anasumbua kila mtu kila siku. Alinitukana kuhusu marehemu akicheka kama fisi. Afukuzwe!” Chini yake afisa, Bwana Wakhisi, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: nani, lini, wapi, alisema nini, nani alisikia.

Nilikasirika, lakini Wakhisi alikuwa na haki. Ushetani haupimwi.

“Tutaiandika upya,” nikamwambia. “Hatumwiti jina lolote. Tunasema tu alichofanya. Na hii ya kila mtu kila siku tunatoa, wewe sema yako.”

“Sawa.”

“Sasa, alisema nini?”

“Alinitusi.”

“Maneno yenyewe, dada.”

“Saumu yawa, hayo siwezi kutoa kwa mdomo yangu.”

Siku mbili alinikwepa. Siku ya tatu, tukiosha mabuti bombani, aliyasema akiutazama ukuta. Nami niliyaandika jioni ile kama nilivyoyapokea: “Jumanne tarehe 11 Machi, yapata saa nne na robo asubuhi, kwenye meza namba tatu, Bwana Owiti aliniambia: ‘Kata pole pole, Mama, pengine huyo samaki alikula bwanako.’ Akinyi, mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa nyuma yake, alisikia. Niliweka kisu chini, nikashindwa kuendelea na kazi hadi saa sita. Naomba asizungumze nami tena kuhusu marehemu mume wangu, na nihamishiwe meza nyingine.”

Mungu anisamehe, nilijivunia kazi yangu. Barua ilikuwa safi, bila tusi hata moja. Akinyi akatia sahihi ya ushahidi.

Wakhisi alituita Ijumaa. Owiti alikuja na mwenzake wa kumsindikiza, kama sheria inavyomruhusu, na barua ikasomwa mbele yake ili ajibu. Wakhisi aliyasoma yale maneno kwa sauti ile ile anayotusomea ratiba ya zamu. Rachael aliinamisha kichwa.

“Ulisema hivyo?”

“Nilisema,” Owiti akajibu kwa upole. “Lakini ilikuwa huruma. Marehemu tulivua pamoja. Tangu azame, mimi mwenyewe siwezi kula mbuta. Nilimwonea uchungu tu, boss.”

“Alicheka!” Rachael akainuka. “Alicheka mpaka akashika mizani!”

Wakhisi akageuza karatasi, akaigeuza tena. “Mama, hiyo haiko hapa.”

Haikuwepo. Nilikuwa nimeikata sentensi nzima kwa sababu ya neno fisi. Fisi ni maoni. Kucheka ni jambo lililotokea, tena ndilo lililokuwa tusi lenyewe. Nilisema kosa ni langu, kwamba barua ya kwanza ilikitaja kicheko. Wakhisi akaitafuta, akaisoma, akamwita Akinyi. Akinyi akasema ukweli: alisimama nyuma ya Owiti, mashine ya barafu ikinguruma, maneno aliyasikia, kicheko hakukisikia, na uso hakuuona.

Uamuzi ulitoka Jumatatu. Owiti ameonywa kwa mdomo achague maneno na asimtaje marehemu tena. Nia mbaya haikuthibitishwa. Kuhusu kuhama, meza zote zimejaa, ombi litafikiriwa. Nilikwenda kwa Wakhisi mara mbili. Alinisikiliza, akaninyooshea barua yangu, akasema kwa kweli imeandikwa vizuri sana. Ningeweza kuitafuna.

Wiki saba zimepita. Kila asubuhi Owiti hupita meza namba tatu, husimama, huvua kofia.

“Habari ya asubuhi, Mama. Kazi njema.”

Hasemi zaidi, na sauti yake ni ya heshima kabisa. Rachael hushika ukingo wa meza mpaka apite. Jana alinijia mapumzikoni, vidole vyekundu kwa baridi.

“Saumu, hiyo nayo utaniandikia aje?”

Nilikuwa na kalamu mfukoni. Sikuitoa.