Ajeruhiwa na Mwanawe na Kiboko

Ujumbe ulinikuta chumba cha walimu, chai mkononi, madaftari ya kidato cha pili mbele yangu. Ulitoka kwa redio yetu ndogo ya hapa Garsen, ambayo kila asubuhi huwatumia watu vichwa vya habari kwenye simu. Kimoja kilisema hivi: *Mzee ajeruhiwa na mwanawe na kiboko Ozi*. Mzee huyo ni baba yangu wa kijijini Ozi, na mwana huyo ni mdogo wangu. Nilikuwa najua tayari, kwa hiyo niliusoma nikauelewa, nikashukuru kwamba angalau habari zimefika, nikarudi kwenye madaftari.

Mwenzangu anayefundisha hesabu alikuwa ameusoma pia. Aliweka simu chini taratibu, kama mtu aliyeona msiba.

"Pole, mwalimu," akaniambia. "Vijana wa siku hizi wamelaaniwa. Kumchapa mzazi?"

Nilimtazama nikadhani mwenye wazimu ni yeye. Kisha nikausoma ujumbe upya, safari hii kwa macho yake, na chai ikaniwia chungu.

Kilichotokea ni hiki. Jana yake baba alikwenda shambani kutazama mpunga, mdogo wangu akimfuata nyuma na kafi la mtumbwi begani. Kiboko alikuwa amechelewa kurudi mtoni. Baba alisimama kwenye njia yake bila kujua, na mnyama hakumpisha. Alimrusha baba, taya likavunjika. Mdogo wangu angeweza kukimbia, naye ana miguu ya kukimbia, lakini alimwendea yule kiboko na kafi lake akipiga kelele, mpaka mnyama akamgeukia yeye na kumvunja mguu kabla ya kutumbukia majini. Walipelekwa hospitali pamoja, wamelazwa kitanda kwa kitanda. Baba alifungwa taya kwa waya, hawezi kusema neno.

Sasa ichukue ile sentensi. Mimi niliisoma kwamba mzee amejeruhiwa pamoja na mwanawe, na aliyewajeruhi ni kiboko. *Na* ya kwanza ya kuandamana, ya pili ya mtenda. Mwenzangu aliisoma kwamba mzee amejeruhiwa na mwanawe, yaani mwana ndiye mtenda, na kiboko ni ule mjeledi wa kupigia watu. Ukitaka kuchekesha zaidi, kuna njia ya tatu: mwana na kiboko walishirikiana kumpiga mzee, wamepatana tangu jana yake. Sentensi haina kosa hata moja. Inakuachia uamue mwenyewe, basi.

Kufika saa sita, Garsen ilikuwa imeamua. Mama mmoja wa Kiorma anayeniuzia maziwa alinishika mkono sokoni kwa huruma ya kweli.

"Mwalimu, pole sana. Nasikia ndugu yako napiga mzee na kiboko."

"Kiboko gani, mama?"

"Ile ya kupiga. Ile ya ngozi."

Simlaumu, mpaka leo. Hapa kwetu Kiswahili tunakivaa juu ya Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kigiriama, na kila mtu anakikata kimtoshe. Tunasema nampiga na fimbo, nakata na panga, nakuja na miguu. Kila wiki nazungushia hizo *na* wino mwekundu na kuandika *kwa* juu yake. Aliyetenda hupewa *na*, kilichotumika hupewa *kwa*: alipigwa na polisi kwa rungu. Wanafunzi hunijibu vizuri kabisa, kisha hutoka nje na kupigana na fimbo.

Na hata mimi najua kanuni haitoshi. Alikamatwa na polisi. Alikamatwa na bangi. Kitenzi kilekile, *na* ileile, lakini hakuna mtu atakayedhani bangi ndiyo iliyomtia mtu pingu. Msomaji hupima: jina linalofuata linaweza kutenda jambo hili? Hutazama kiambishi: a- ni mmoja, wa- ni wengi. Husogea mbele kidogo aone sentensi inayofuata inasemaje. Haya yote ubongo huyafanya kwa kupepesa jicho, na hukosea ukiunyima kitu cha kupimia. Mtoto anaweza kumpiga babake. Kiboko anaweza kuwa mnyama au mjeledi. Redio ilituma kichwa bila habari yenyewe, na katika habari yenyewe mlikuwa na maneno yaliyotosha kumaliza kesi: *kiboko huyo alirudi mtoni*. Huyo, si hicho. Mjeledi haurudi mtoni.

Ningelicheka yakaisha, lakini jioni shangazi yetu alipiga simu kutoka Kipini. Mdogo wangu alikuwa amechumbia huko, mahari yamekwisha kupatanwa, siku inasubiri mwezi tu. Baba wa msichana alimwita shangazi, aliyekuwa mshenga, akamwambia asimame kwanza. Hatatoa binti yake kwa mtu anayempiga mzazi mjeledi. Shangazi aliapa kwamba ni mnyama. Akajibiwa kwamba ukoo wowote ungemficha mtoto wake.

"Na ule mguu uliovunjika?" nikauliza.

"Wanasema alianguka akikimbia watu," shangazi akasema.

Nilikasirika. Mtu amejitupa mbele ya kiboko kwa ajili ya babake, na malipo yake ni kunyimwa mke kwa herufi mbili.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda redioni. Mhariri tunafahamiana, mtu wa makamo, mwenye adabu na shingo ngumu. Alinikaribisha kiti, akasoma kichwa chake, akatabasamu.

"Mwalimu, wewe ndiwe wa kuniambia. Kuna kosa la sarufi hapa?"

"Hakuna."

"Basi nisahihishe nini?"

"Usisahihishe. Kiandike upya. Mzee na mwanawe wajeruhiwa na kiboko. Watangulize wote wawili mbele ya kitenzi, uweke wa-. Hapo *na* ya kwanza haina pa kwenda isipokuwa kuunganisha, na ya pili inabaki na kiboko peke yake."

"Ni jambo lilelile."

"Kama ni lilelile, litasomwa bila taabu."

Akaniambia redio ikianza kurudia vichwa vya habari, watu wataona imetetereka. Akaniambia wasikilizaji wana akili zao. Nikamwambia ndiyo, wanazo, na zimewapeleka kumwona mdogo wangu mnyama badala ya mnyama mwenyewe. Nikamwambia pia kwamba sina haraka, leo sina kipindi darasani, na benchi lake ni zuri. Nikakaa. Wageni wakaja na kuondoka, mtu wa matangazo ya vifo akaja na kuondoka, nami nipo, mkoba mapajani.

Kabla ya taarifa ya saa saba alitoka na karatasi. Alikuwa ameandika: *Mzee na mwanawe wajeruhiwa na kiboko Ozi.*

"Ongeza mnyama," nikasema.

"Mwalimu."

"Ongeza mnyama, halafu nakwenda nyumbani."

Akaongeza. Hakuomba radhi hewani, nami sikutaka radhi. Nilitaka sentensi.

Lakini habari ya pili haina miguu kama ya kwanza. Kipini hawakutikisika. Kwa hiyo Jumamosi nilipanda gari la njia ya Witu, nikamkuta shangazi kituoni, tukaenda wenyewe kwa baba wa msichana. Alitupokea vizuri, kahawa na tende, Kiswahili chake kimenyooka kile cha watu waliozaliwa nacho. Msichana alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilimwona miguu tu.

"Mwanangu, sisi tumesoma kwa macho yetu," akasema mzee, akanionyesha simu. "Hatukuambiwa na mtu."

"Naomba nikuulize swali moja, baba. Wewe, kwa ulimi wako, ukitaka kusema mtu amepigwa kwa mjeledi, utasemaje?"

"Nitasema amepigwa kwa kiboko."

"Kwa."

"Kwa, ndiyo."

"Na hapa pameandikwaje?"

Akatazama simu. Shangazi aliacha kunywa kahawa.

"Pameandikwa na," akasema.

"Ungekuwa umekisoma kwa Kiswahili chako, basi, mjeledi usingeingia."

"Nilijua," akasema, na alisema kwa uaminifu, bila kunikwepa. "Lakini nilidhani ni Kiswahili cha huko kwenu. Watu wa Garsen husema na mahali pa kwa. Nikaona, ndivyo walivyo."

Nilikuwa nimekuja na viambishi na ngeli kama silaha, kumbe vita havikuwa huko.

"Basi hukuisoma sentensi, baba," nikamwambia. "Umetusoma sisi. Ulikuwa na maana mbili mkononi, ya wenyewe na ya washamba, ukasema hawa ni washamba, wape ile ya kishamba. Ndiyo, tunasema nampiga na fimbo. Tutasema hivyo kesho pia. Lakini hatuwapigi wazee wetu, si kwa wala si na."

Shangazi alinikanyaga mguu chini ya meza. Pazia likasogea, msichana akatokeza uso, mtandio umemteleza hadi mabegani.

"Na mimi sijaulizwa, baba," akasema.

Baba yake aligeuka. "Wewe ulisomaje?"

"Nilisoma kwamba wote wawili wameumia. Nikalia kwa wote wawili."

Mzee alifuta uso kwa kiganja. Alimwambia shangazi kwamba mguu wa kijana ukipona, neno liko palepale. Mimi hakunitazama, na mpaka leo tukikutana hunisalimu kwa uangalifu kidogo. Sijali.

Nikahi ilifungwa Kipini baada ya mavuno. Mdogo wangu alifika na mkongojo, kanzu ikimning'inia upande mmoja. Baba alikuwa amesimama karibu naye, taya limepona lakini limepinda, maneno yakimtoka ubavuni mwa mdomo. Watu walikuwa wamejaa, wa kwetu na wa kwao, na nilijua wangapi kati yao bado walikuwa na ule mjeledi kichwani. Mzaha ulizunguka, mjomba mmoja wa bibi harusi akauliza kwa sauti, bwana harusi amevunjwa mguu na nani hasa.

Mdogo wangu aliegemea mkongojo wake. Nilijua atasema kitu, namjua tangu akinyonya.

"Nilivunjwa mguu na baba," akasema.

Niliona baba mkwe akimgeukia baba yangu. Kisha baba yangu akamwekea mwanawe mkono begani, na kwa mdomo wake uliopinda akasema polepole, kila mtu asikie:

"Na mimi nilivunjwa taya naye. Fasirini."

Wa kwanza kucheka alikuwa baba mkwe. Alicheka peke yake kwa muda, kisha akasogea kwenye mkeka ili baba na mwanawe wapate nafasi ya kukaa.