Kazi Yako Imehifadhiwa

Watu walimwita Mama Salamu, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kufanya kazi kwenye kitambulisho tu. Kila asubuhi alisoma redioni kadi na ujumbe wa wasikilizaji: huyu anamsalimu shemeji aliyenuna, yule anamkumbusha binamu arudishe ngazi aliyoazima. Alisoma vizuri. Hata jina lililoandikwa kama kuku kapita na wino, yeye alilitamka mpaka mwenyewe akajisikia mtu. Cheti cha maana hakuwa nacho. Alikuwa na sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na kumtunza mama yake, bibi kizee asiyeona vizuri, ambaye siku yake nzima ilikuwa kiti cha plastiki na redio iliyofungwa kwa mpira ili betri zisichomoke.

Kisha kituo kikapata mkuu mpya wa vipindi. Huyo alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka, asiye na stashahada hataona maikrofoni. "Si mimi, ni kanuni," alisema, kama wasemavyo wote wanaoipenda kanuni. Mama Salamu akapiga moyo konde, akajiandikisha chuoni kwa masomo ya jioni ya vyombo vya habari, akawa anakaa darasani na vijana wanaomwamkia kabla ya kumwomba kalamu. Mitihani aliipita, mmoja baada ya mwingine. Ikabaki insha ya mwisho. Akiipita, anabaki na kipindi chake. Akiikosa, unga umemwagika.

Mada ilikuwa pengo la kidijitali: kwa nini baadhi ya watu wanapata habari na wengine hawapati. Mwalimu wao alikuwa kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi hadi likachoka, na wanafunzi walimbatiza Ushahidi, maana huwezi kumwambia hata kwamba mvua inanyesha bila yeye kukuuliza ushahidi uko wapi. Rasimu ya kwanza ya Mama Salamu aliirudisha ikiwa imechorwa mistari kila mahali.

"Mama, umepika mapengo mawili kwenye sufuria moja," alimwambia. "Humu kuna mtu asiye na mtandao, na kuna mtu aliye nao lakini hajui kuutumia. Hao wawili hawaugui ugonjwa mmoja."

"Si wote hawapati habari, mwalimu?"

"Wote hawapati, ndiyo. Lakini dawa? Mpe mtandao. Mnara, umeme, simu, bando, kila kitu. Kama shida imekwisha, lilikuwa pengo la kuunganishwa. Kama shida bado ipo, basi ni pengo la ujuzi, na utajenga minara hadi uchoke."

Neno hilo lilimwingia. Mama Salamu hakuwa mtu wa kuandika mambo asiyoyaona, kwa hiyo alienda kuyaona. Alienda kwanza kwenye kijiji kilicho nyuma ya mlima, ambako simu hushika karibu na tangi la maji tu, tena ukisimama wima bila kutikisika kama unayepigwa picha ya pasipoti. Huko alimkuta mkulima, mama aliyewahi kuwa karani mjini. Waliposimama pale kwenye tangi, yule mama alipata tangazo la mbegu za ruzuku upesi, akaangalia limetolewa na nani, akaangalia lini, akasema, "Hili ni la kweli, ila limebaki siku chache." Kisha wakashuka, na mtandao ukapotea. Mkulima huyo hakuhitaji semina. Alihitaji mnara.

Baadaye alienda kwenye mtaa wa mafundi cherehani, hatua chache kutoka chuoni, ambako mtandao umejaa hadi chooni. Fundi mmoja, simu yake mpya na bando la mwezi mzima, alimsimulia jinsi alivyompeleka mtoto chanjo akakuta kliniki imefungwa. Alikuwa amesoma tangazo kwenye simu. Mama Salamu aliomba alione. Tangazo lilikuwa la kweli, la kliniki ile ile, ila la mwaka juzi. "Mimi najua kutafuta," fundi alisema kwa uchungu, "hiyo tarehe nani anaiangalia?"

Insha ikaanza kujiandika. Hakuficha kwamba mambo hayako safi hivyo: aliyekaa miaka bila mtandao hana pa kujifunzia, kwa hiyo pengo moja hulizaa lingine, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote mawili. Lakini alisisitiza yapimwe kila moja peke yake, kwa sababu wakubwa hupenda kuhesabu minara. Mnara unaonekana, unazinduliwa, unakatiwa utepe. Aliandika sentensi moja aliyoipenda kuliko zote: "Mnara hauwezi kumfundisha mtu kusoma tarehe, na taasisi inayotambua kukosa mtandao peke yake itawaadhibu waliokosa ujuzi kana kwamba ni wavivu." Aliisoma kwa sauti yake ya redioni. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo ingefaa isomwe baada ya taarifa ya habari."

Siku ya kuwasilisha ilikuwa nyeupe, umeme upo, mtandao unakwenda kasi. Mama Salamu aliketi kwenye chumba cha kuhifadhia kanda pale kituoni, akafungua mfumo wa chuo kwenye simu. Insha zote za nyuma walikabidhi kwenye karatasi. Huu mfumo ulikuwa mpya, na somo la kuutumia lilifanyika asubuhi, saa ambayo yeye yuko hewani. Hakuona haya kujifunza mwenyewe. Aliingiza namba yake, akapandisha faili, akabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa HIFADHI. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: Kazi yako imehifadhiwa.

Basi, nani angetaka neno tamu kuliko hilo? Kwenye chumba kile kile alichokaa, kanda za salamu za miaka na miaka zilikuwa zimehifadhiwa kwenye makabati. Maishani mwake kitu kilichohifadhiwa kilikuwa kimefika, kimepokewa na mtu mzima, kimewekwa pasipoguswa na panya. Chini zaidi ya ukurasa, ambako kioo kidogo cha simu hakionyeshi mpaka usukume kwa kidole, kulikuwa na kisanduku cha kukiri kwamba kazi ni yako, na kitufe cha pili, cha kijivu: WASILISHA. Hakusukuma. Alifunga simu, akanunua soda mbili, yake na ya mama yake, na wakanywa kama watu waliomaliza jambo.

Matokeo yalipotoka, kwenye jina lake palikuwa na sifuri. Alidhani ni kosa la uchapaji, akaenda kwa mwalimu akicheka. Mwalimu hakucheka. Alimgeuzia kompyuta, na hapo, kando ya jina lake, palikuwa pameandikwa: Rasimu. Haijawasilishwa.

"Lakini iko humo. Si unaiona?"

"Naiona, mama. Nimeisoma yote." Alivua miwani. "Ni nzuri kuliko zote za darasa lako. Siwezi kuisahihisha. Muda wa kuwasilisha ukishafungwa, mwenye ruhusa ni bodi ya mitihani."

Mama Salamu alikaa bila kukaribishwa.

Nje alimkuta kinyozi, mwanafunzi mwenzake aliyetaka kuwa mtangazaji wa mpira na ambaye hata unyoaji aliutangaza kichwa kikiwa mkononi. Yeye siku ya kuwasilisha alikuwa kwao, nyuma ya mlima, kweli bila mtandao. Alileta barua ya kampuni ya simu kuthibitisha, na bodi ikamwongezea muda bila maneno.

"Mama Salamu, na wewe sema mtandao ulikatika," kinyozi alimwambia kwa sauti ya chini. "Wanalielewa hilo. Lina kisanduku chake kabisa kwenye fomu ya rufaa."

"Niseme ulikatika, na ulikuwepo?"

"Sasa utasema nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na alilala nalo siku kadhaa. Siyo kwamba alikuwa mtakatifu. Redioni alishawahi kusoma salamu za mtu aliyejisalimia mwenyewe kwa majina matatu, akanyamaza. Lakini fomu ilikuwa na visanduku vitatu, ugonjwa, msiba na tatizo la mtandao, na yeye hakuugua, hakufiwa, na mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku nyingine zote za mwezi. Mwishowe aliandika pembeni, palipokuwa peupe: Sikujua kuhifadhi si kuwasilisha.

Bodi walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, na msajili wa chuo ndiye aliyesema. Hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akamwambia mkewe humsikiliza kila asubuhi. Kisha akasoma kwenye karatasi.

"Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha uliingia, ukapandisha faili, ukatoka. Mtandao ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Simu ilikuwa na tatizo?"

"Haikuwa nalo."

"Basi, mama, kikwazo kilikuwa nini?"

"Nilikuwa sijui. Niliona imehifadhiwa, nikajua imefika."

Msajili aliwatazama wenzake. Mwalimu, aliyeketi pembeni bila kura, alianza kusema kwamba hilo nalo ni pengo, kwamba ndilo hasa somo lenyewe, akaombwa kwa upole asubiri zamu yake, na zamu yake haikufika. "Kutojua hakumo kwenye kanuni," msajili alisema. "Tukimkubalia mmoja, wote watasema hawakujua. Kila mwanafunzi alikuwa na mtandao au alileta barua. Kwetu hayo yanatosha. Unaweza kurudia somo mwakani."

Mwakani kipindi cha salamu kingekuwa cha mtu mwingine.

"Naomba niwasomee sentensi moja tu ya insha yangu," Mama Salamu alisema. "Inahusu jambo hili hili."

Msajili alifikiri, na kwa haki alifikiri kweli. "Hatuwezi, mama. Haijawasilishwa. Kwa hiyo haiko mbele yetu."

Kijana aliyepewa kipindi alikuwa na stashahada mpya na sauti ya kupita puani. Jumatatu ya kwanza ya mwaka alisoma majina ya wasikilizaji mbio mbio, mengine akayavunja vipande. Mama Salamu alikuwa nyumbani saa hiyo kwa mara ya kwanza, anamenya viazi ambavyo havikuwa na haraka yoyote. Alikuwa na hasira, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumkasirikia. Kila mtu alikuwa amemwita mama.

Bibi kizee aliinamisha sikio kwenye redio, akakunja uso.

"Huyu nani tena?"

"Mgeni, Mama."

"Hajui kusoma." Akakumbuka jambo. "Na ile kazi yako mwanangu, ile nzuri ya mnara na tarehe. Haijapotea?"

"Haijapotea. Iko chuoni. Imehifadhiwa."

"Afadhali," alisema mama yake, akaongeza sauti ya redio.